Jumamosi Ngapi Hadi Tuvunje Kikoba? Mwongozo Kamili wa Kuhesabu Siku ya Wiki Ndani ya Mwezi, Mwaka na Mzunguko

Swali hili linarudi kila vikundi vinapopanga mzunguko mpya: tunakutana Jumamosi, je, hadi siku ya kuvunja kikoba tutakuwa tumekutana mara ngapi? Watu wengi hujibu haraka: mwezi una wiki nne, zidisha kwa idadi ya miezi, basi. Jibu hilo halipatani na daftari, na tofauti huonekana siku ya kufungua sanduku, makufuli yote matatu yakiwa mezani na kila mtu anapiga hesabu yake kwenye simu.

Nitatumia mfano mmoja mwanzo hadi mwisho. Tuseme ni kikundi cha wanachama 25 kule Uyole, Mbeya. Wanakutana kila Jumamosi, na kila mwanachama analazimika kuweka shilingi 5,000 kila kikao. Mzunguko unafunguliwa Jumanne tarehe 3 Machi 2026, siku ya kusaini katiba, na unafungwa Jumamosi tarehe 12 Desemba 2026. Kama ninyi mnakutana Alhamisi, au unahesabu siku za gulio badala ya vikao, njia ni ileile.

## Unachohitaji

- Daftari na kalamu. Usihesabu kichwani, maana kosa la hapa ni la siku moja tu na kichwa hakilioni.
- Tarehe ya kwanza na ya mwisho ya kipindi, pamoja na siku zake za wiki.
- Kalenda ya ukutani au ya simu, kwa ajili ya kuhakiki.
- Orodha ya siku ambazo kikundi hakitakutana.
- Simu au kompyuta yenye Excel au Google Sheets, ukitaka. Hatua saba za kwanza hazihitaji umeme.

## Hatua ya 1: Jua mwezi una siku ngapi

Kunja ngumi. Anza kwenye kifundo cha kidole cha shahada na useme Januari, kisha ingia kwenye bonde linalofuata na useme Februari, kifundo kingine Machi, na kuendelea. Ukifika Julai kwenye kifundo cha kidole cha mwisho, rudi mwanzo na Agosti ianzie tena kwenye kifundo. Kila mwezi wa kifundo una siku 31. Miezi ya mabondeni ina 30, isipokuwa Februari yenye 28, au 29 katika mwaka mrefu. Mwaka mrefu unaofuata ni 2028.

Wanaokosea hapa karibu wote hukosea Julai na Agosti, kwa kudhani lazima moja iwe fupi. Zote mbili zina 31.

## Hatua ya 2: Hesabu siku ndani ya mwezi mmoja

Siku 28 za kwanza za mwezi wowote ni wiki nne kamili. Ndani yake kila siku ya wiki imetokea mara nne, hakuna iliyozidi wala iliyopungua. Kwa hiyo swali la kweli ni moja: tarehe 29, 30 na 31 zinaangukia siku gani?

Tarehe 29 huangukia siku ileile ya tarehe 1, kwa sababu zimeachana kwa siku 28. Tarehe 30 ni sawa na tarehe 2, na 31 ni sawa na tarehe 3. Basi kanuni ni hii:

- Mwezi wa siku 28: kila siku hutokea mara 4.
- Mwezi wa siku 29: siku ya tarehe 1 hutokea mara 5.
- Mwezi wa siku 30: siku za tarehe 1 na 2 hutokea mara 5.
- Mwezi wa siku 31: siku za tarehe 1, 2 na 3 hutokea mara 5.

Tuchukue Oktoba 2026. Tarehe 1 ni Alhamisi na mwezi una siku 31. Alhamisi, Ijumaa na Jumamosi zitatokea mara tano, siku nyingine mara nne. Kikundi chetu kitakutana mara tano: tarehe 3, 10, 17, 24 na 31.

Sasa Novemba 2026. Tarehe 1 ni Jumapili na siku ni 30, hivyo Jumapili na Jumatatu ndizo zenye mara tano. Jumamosi ni nne.

Utajua umepatia kwa kujumlisha siku zote saba. Oktoba: siku tatu mara 5 ni 15, siku nne mara 4 ni 16, jumla 31. Jumla isipolingana na urefu wa mwezi, kuna siku umeiongeza au kuiruka.

Kuna ujumbe unaozunguka WhatsApp kila mwezi unapokuwa na Ijumaa tano, Jumamosi tano na Jumapili tano, ukidai jambo hilo hutokea mara moja kila miaka 823 na kwamba usipousambaza utakosa fedha. Kanuni ya hapo juu inaumaliza: mwezi wowote wa siku 31 unaoanza Ijumaa utakuwa hivyo. Mei 2026 inaanza Ijumaa. Januari 2027 inaanza Ijumaa. Oktoba 2027 nayo inaanza Ijumaa. Ni mara tatu ndani ya miezi 18, kwa hiyo usiisumbue familia nzima.

## Hatua ya 3: Pata siku ya tarehe 1 bila kalenda

Kalenda ya mwaka ujao huwa haijafika dukani wakati kikundi kinapanga. Si shida, kwa sababu kila mwezi husogeza mwanzo wa mwezi unaofuata kwa idadi ya siku zinazobaki baada ya wiki nne. Mwezi wa siku 31 husogeza siku 3, wa siku 30 husogeza 2, Februari ya 29 husogeza 1, na Februari ya 28 haisogezi kitu.

Tarehe 1 Januari 2026 ni Alhamisi. Januari ina 31, sogeza tatu: Ijumaa, Jumamosi, Jumapili. Basi 1 Februari ni Jumapili. Februari ya 2026 ina 28, hivyo 1 Machi nayo ni Jumapili. Machi ina 31, sogeza tatu, na 1 Aprili inakuwa Jumatano. Endelea hivyo hadi Desemba, ambayo inaanza Jumanne.

Angalizo: unaposogeza, usiihesabu siku unayotokea. Kutoka Alhamisi, hatua ya kwanza ni Ijumaa. Mtu akianza kwa kusema "Alhamisi, moja," atafika Jumamosi, na miezi yote inayofuata itakuwa nyuma kwa siku moja.

Uhakiki wake ni rahisi. Endelea hadi Januari ya mwaka unaofuata. Baada ya mwaka wa kawaida, 1 Januari husogea siku moja tu, na baada ya mwaka mrefu husogea mbili. Ukianza na Alhamisi ya 2026, lazima utue Ijumaa ya 2027. Ukitua pengine, kosa liko katikati, na mara nyingi ni ile Julai na Agosti.

## Hatua ya 4: Hesabu siku ndani ya mwaka mzima

Gawanya 365 kwa 7: unapata 52, baki 1. Kila siku ya wiki hutokea mara 52, na ile moja iliyobaki ni ya siku iliyofungua mwaka. Mwaka 2026 unafunguliwa Alhamisi na kufungwa Alhamisi, kwa hiyo Alhamisi ni 53 na siku nyingine zote ni 52.

Mwaka mrefu una siku 366, baki ni 2. Hapo siku ya 1 Januari na ya 2 Januari ndizo zinazopata 53. Mwaka 2028 unaanza Jumamosi, basi Jumamosi ni 53 na Jumapili ni 53. Vikundi vya Jumamosi viliandike hilo pembeni.

Ukitaka kugawa kwa miezi, kumbuka kwamba mara 4 kwa miezi 12 ni 48. Siku yenye 52 ina miezi minne yenye mara tano, na siku yenye 53 ina miezi mitano ya namna hiyo. Jumamosi za 2026 zina miezi ya tano-tano ifuatayo: Januari, Mei, Agosti na Oktoba. Ni minne, na 48 ongeza 4 ni 52. Hesabu imefunga.

Kwa anayefuata mwaka wa fedha wa serikali, yaani 1 Julai hadi 30 Juni, usichukue jibu la mwaka wa kalenda. Kanuni haibadiliki, ila siku ya kutazama ni ya 1 Julai. Tarehe 1 Julai 2026 ni Jumatano, hivyo mwaka wa fedha 2026/27 una Jumatano 53.

## Hatua ya 5: Hesabu kipindi kisichoanza mwanzoni mwa mwezi

Hapa ndipo wengi huangukia, kwa hiyo twende polepole.

Kwanza, hesabu siku zote za kipindi, ncha zote mbili zikiwemo. Machi tunaanza tarehe 3, hivyo siku zake ni 31 toa 2, sawa na 29. Kisha ongeza mwezi mmoja mmoja na uandike jumla kila hatua:

- Machi 29
- Aprili 30, jumla 59
- Mei 31, jumla 90
- Juni 30, jumla 120
- Julai 31, jumla 151
- Agosti 31, jumla 182
- Septemba 30, jumla 212
- Oktoba 31, jumla 243
- Novemba 30, jumla 273
- Desemba 12, jumla 285

Pili, gawanya kwa 7. 285 kwa 7 ni 40, baki 5. Kwa hiyo kila siku ya wiki ina uhakika wa mara 40, na kuna siku tano zitakazopata ya 41.

Tatu, zigawie siku zilizobaki kuanzia siku ya kufungua. Tulifungua Jumanne, hivyo siku tano ni Jumanne, Jumatano, Alhamisi, Ijumaa na Jumamosi. Jumamosi imo. Jibu ni Jumamosi 41.

Nne, tazama siku ya mwisho katika mgawo. Lazima ilingane na siku ya kufunga. Mgawo wetu umeishia Jumamosi, na 12 Desemba 2026 ni Jumamosi. Kama mgawo ungeishia Ijumaa au Jumapili, ningefuta na kuanza upya bila kubishana na daftari.

Kosa maarufu la hatua hii ni kutoa tarehe kwa tarehe. Ukimwambia mtu atoe 3 Machi kwenye 12 Desemba, au ukiiachia kompyuta ifanye kutoa kwa kawaida, unapata 284. Hiyo ni umbali kati ya tarehe mbili, na siku moja ya ncha imeachwa nje. 284 kwa 7 ni 40, baki 4. Mgawo unaishia Ijumaa, na Jumamosi inabaki na 40. Kikao kilichopotea ni kilekile cha kuvunja kikoba, siku ambayo kila mtu anakuja.

Kosa la pili ni lile la wiki nne kwa mwezi. Machi hadi Novemba ni miezi tisa, mara 4 ni 36, ongeza Jumamosi mbili za Desemba, unapata 38. Tatu zimeyeyuka: moja ya Mei, moja ya Agosti, moja ya Oktoba. Kwa wanachama 25 na shilingi 5,000, hizo ni shilingi 375,000.

Tena fedha hizo hazipotei kwa njia unayoidhania. Waliohudhuria watakuwa wamezilipa, kwa hiyo sanduku litakutwa na zaidi ya makadirio na maswali yataanza. Kibaya zaidi ni mwanachama aliyekosa vikao vitatu. Kwa hesabu ya 38 atahesabiwa amekamilisha, shilingi 190,000. Kwa hesabu ya kweli anatakiwa 205,000 na anadaiwa 15,000, lakini deni lake limefichwa na mweka hazina mwenyewe.

## Hatua ya 6: Toa siku ambazo hamtakutana

Hapa kalenda inaisha na uamuzi wa kikundi unaanza. Andika sikukuu zote zilizo ndani ya kipindi, kisha utoe zile tu zinazoangukia siku yenu. Mwaka 2026, Nane Nane ni Jumamosi. Kwa kikundi cha Uyole hilo si dogo: maonyesho ya kanda yanafanyika viwanja vya John Mwakangale, na nusu ya wanachama watakuwa huko wakiuza au wakitazama. Kama kikao kinafutwa moja kwa moja, 41 inakuwa 40. Kama kinahamishiwa Jumapili, usitoe kitu, maana mchango unalipwa vilevile.

Muungano, 26 Aprili, ni Jumapili. Saba Saba ni Jumanne. Nyerere, 14 Oktoba, ni Jumatano. Uhuru, 9 Desemba, nayo ni Jumatano. Hizo hazigusi Jumamosi na hazitolewi. Nimeona madaftari ambayo sikukuu zote za mwaka zimetolewa kwa mkupuo, kana kwamba kila moja iliua kikao.

Idi hutegemea kuandama kwa mwezi, hivyo acha mstari wazi na ujaze ikitangazwa. Jumamosi ya kabla ya Pasaka, 4 Aprili 2026, mkubaliane mapema kikaoni na muiandike kwenye muhtasari, maana ndiyo siku ambayo wengi husafiri kwenda Tukuyu, Njombe au Makambako kwa wazee.

Tuseme kikundi chetu kimeamua kuruka Nane Nane peke yake. Vikao 40, kila mwanachama 200,000, kikundi kizima 5,000,000.

## Hatua ya 7: Hakiki kwa orodha

Andika tarehe ya Jumamosi ya kwanza, 7 Machi, kisha ongeza saba: 14, 21, 28. Inayofuata ni 35, toa siku 31 za Machi, unapata 4 Aprili. Endelea: 11, 18, 25, halafu 32 toa 30, ni 2 Mei. Fika hadi 12 Desemba na upe kila tarehe namba pembeni. Ya mwisho lazima iwe namba 41.

Orodha hii usiitupe. Ibandike kwenye jalada la ndani la leja, uchore msitari juu ya 8 Agosti, na kila kikao weka alama. Mwanachama akisema alikosa kimoja tu, mnaangalia pamoja.

## Hatua ya 8: Ukitumia Excel au Google Sheets

Fomula hii hujumuisha ncha zote mbili yenyewe:

```
=NETWORKDAYS.INTL(DATE(2026,3,3),DATE(2026,12,12),"1111101")
```

Jibu ni 41. Zile tarakimu saba ni siku za wiki kuanzia Jumatatu hadi Jumapili. Namba 1 maana yake ni siku isiyohesabiwa, na 0 ni siku unayoitaka. Jumamosi ni nafasi ya sita, ndiyo maana sifuri iko pale. Kwa Alhamisi ungeandika `"1110111"`.

Watu hugeuza moja na sifuri, kwa kuwa akili inataka 1 iwe ndiyo. Ukiandika `"0000010"` utapata 244, yaani siku zote zisizo Jumamosi. Jibu kubwa namna hiyo ni dalili tosha. Ukisahau alama za kunukuu, fomula itagoma. Simu nyingine hudai nukta-mkato badala ya mkato kati ya sehemu za fomula, kutegemea mipangilio ya lugha na nchi.

Tumia `DATE` yenye mpangilio wa mwaka, mwezi, siku. Ukiandika 3/12/2026 kwenye seli, kifaa kimoja kitasoma 3 Desemba na kingine 12 Machi, na hakuna kitakachokuonya.

Kwa sikukuu, weka tarehe ya kuanza kwenye A1, ya kumaliza B1, na siku za kuruka kuanzia D1 hadi D3:

```
=NETWORKDAYS.INTL(A1,B1,"1111101",D1:D3)
```

Ukiweka 8 Agosti kwenye D1, jibu linashuka kuwa 40. Ukiongeza Saba Saba kwenye D2, linabaki 40, kwa sababu Jumanne haikuwa imehesabiwa tangu mwanzo.

Kabla ya kuiamini, ijaribu kwa jambo unalolijua. Weka 7 Machi 2026 kwenye A1 na B1 zote mbili, seli za D zikiwa tupu: lazima itoe 1. Kisha weka 1 Februari hadi 28 Februari 2026: lazima itoe 4. Majaribio hayo mawili yakipita, badilisha tarehe ziwe za kikundi chenu na ulinganishe jibu na namba ya mwisho kwenye orodha ya Hatua ya 7. Zikitofautiana kwa moja, tazama ncha za kipindi. Zikitofautiana kwa zaidi, tafuta mwezi ulioupa siku zisizo zake.